Mshale wa Aprili: kutengeneza kadi za viashiria ambazo rangi zake hazidanganyi

Mwanzoni mwa Mei 2025 nilimtumia mwenye nyumba ya wageni moja huko Rau, hapa Moshi, picha ya ripoti ya Aprili kwa Wasapu. Yeye anaishi Dar es Salaam, mimi ndiye ninayemtunzia hesabu. Juu kabisa ya ripoti palikuwa na kadi, yaani kile kisanduku chenye namba moja kubwa na mshale chini yake: 126, halafu mshale mwekundu unaoshuka, halafu 41.9%. Hazikupita dakika tano simu ikaita.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Mwanangu, mbona tunazama?”

Hatukuwa tunazama. Ila nilihitaji robo saa kumweleza kitu ambacho kadi ilitakiwa kukisema kwa jicho moja, na nilipokata simu nikajua kosa ni langu. Tangu hapo kadi zangu nazitengeneza kwa utaratibu ninaoueleza hapa. Unafanya kazi kwenye Excel na kwenye Google Sheets, na fomula ni zilezile. Mfano wote ni wa nyumba hiyo ya Rau yenye vyumba 14, na kiashiria ni kimoja: usiku wa chumba. Chumba kimoja kikilaza wageni usiku mmoja, hesabu moja, wawe wawili au mmoja.

Hatua ya kwanza: andika kwa siku, si kwa mwezi

Fungua shiti, iite `Data`. Safu A ni tarehe, safu B ni vyumba vilivyolala watu usiku huo, safu C ni neno lolote la kukumbuka: “Pasaka”, “kundi la watu 12”, “maji yalikatika”. Mstari mmoja kwa kila siku. Daftari la mapokezi lina habari zote hizi, kwa hiyo kazi ni ya dakika mbili kila asubuhi.

Wengi huandika jumla ya mwezi tu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Ubaya wake unauona siku unapotaka kulinganisha kipande cha mwezi na kipande kingine, maana jumla ikishapigwa huwezi tena kuifumua.

Hatua ya pili: chagua kipindi cha kulinganisha, na usikimbie hapa

Mshale na asilimia vyote hutoka kwenye namba mbili: ya sasa na ya zamani. Ya sasa haina ubishi. Ya zamani ndiyo unayoichagua mwenyewe, na programu nyingi zikikuchagulia zitakupa kipindi kilichotangulia moja kwa moja: Aprili dhidi ya Machi.

Kwa Moshi, Aprili dhidi ya Machi ni ulinganisho wa kuonea. Masika yanashika, mlima unajifunika, na wapandaji wengi wanasubiri Juni. Mwaka 2025 nyumba yetu iliuza usiku 217 mwezi Machi na 126 mwezi Aprili. Imeshuka 91, sawa na 41.9%. Namba ni sahihi, lakini inachokueleza ni kwamba mvua imenyesha Kilimanjaro mwezi wa nne, habari ambayo Mama aliijua kabla sijazaliwa. Na mchezo huohuo unarudi kwa upande wa pili: Juni dhidi ya Mei kadi itawaka kijani hata kama umefanya kazi ya hovyo, kwa sababu msimu umefunguka. Machi nayo inaumizwa na Februari, kwa kuwa mwishoni mwa Februari mara nyingi kuna mbio za marathoni za Kilimanjaro na mji mzima hujaa.

Dawa ya kwanza ni kulinganisha na mwezi uleule wa mwaka jana. Aprili 2024 tuliuza usiku 105. Kwa hiyo 126 imepanda 21, sawasawa na 20%. Mshale umegeuka, na rangi nayo imegeuka.

Ukiishia hapo, kama nilivyoishia mimi kwa muda, utampigia Mama simu ya furaha. Mimi nilimpigia. Kisha jioni nikawa napekua safu C na kuona neno “Pasaka” limekaa Aprili 2025 lakini halipo Aprili 2024. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 20 Aprili. Usiku ule minne, kuanzia Alhamisi Kuu hadi Jumapili yenyewe, watu wanaporudi nyumbani na ndugu wengine wanakosa pa kulala kwa mzee, ulihama kutoka Machi kwenda Aprili ukabeba wageni wake wote.

Sikukuu inayohama ukiiona, unganisha miezi inayoigawana. Machi na Aprili 2025: 217 na 126, jumla 343. Machi na Aprili 2024: 236 na 105, jumla 341. Tofauti ni usiku miwili, yaani 0.6%.

Sasa zitazame zote tatu kwa pamoja. Nyumba ileile, vyumba vilevile, daftari moja: kadi ya kwanza nyekundu ya kushuka 41.9%, ya pili kijani ya kupanda 20%, ya tatu haina la kusema. Hakuna hata moja iliyokosea kujumlisha. Ukweli uko kwenye ya tatu: biashara ilikuwa palepale ilipokuwa mwaka uliotangulia.

Hatua ya tatu: fomula

Fungua shiti nyingine, iite `Kadi`. Kwenye B1 andika tarehe ya mwanzo wa kipindi, mfano 1 Aprili 2025. B2 ni mwisho wa kipindi, siku ambayo yenyewe haihesabiwi. B3 ni jumla ya sasa, B4 jumla ya mwaka jana, B5 tofauti.

```
B2: =MIN(TODAY(),EDATE(B1,1))
B3: =SUMIFS(Data!B:B,Data!A:A,">="&B1,Data!A:A,"<"&B2)
B4: =SUMIFS(Data!B:B,Data!A:A,">="&EDATE(B1,-12),Data!A:A,"<"&EDATE(B2,-12))
B5: =B3-B4
```

Hiyo `MIN(TODAY(),…)` ya B2 ndiyo inayozuia aibu moja ya kawaida sana. Ukifungua kadi tarehe 10 ya mwezi, bila fomula hiyo unalinganisha siku tisa na mwezi mzima wa mwaka jana, na kila kitu kinaonekana kimeporomoka. Ukiwa nayo, siku tisa zinalinganishwa na siku tisa. Kadi ambayo kila mwanzo wa mwezi ni nyekundu na kila mwisho wa mwezi inapona ina ugonjwa huu, huhitaji kipimo kingine.

Kwa suala la Pasaka, weka 1 Machi kwenye B1, futa fomula ya B2 na kuandika tarehe 1 Mei kwa mkono. B3 itakupa 343, B4 itakupa 341. Ripoti ikishatoka, rudisha fomula mahali pake.

Asilimia iweke B6, na uilinde dhidi ya sifuri, maana mwaka jana kama hamkuwa mmefungua, programu itakutolea `#DIV/0!` katikati ya ripoti:

```
B6: =IF(B4=0,"mpya",B5/B4)
```

Kuna mtego mdogo kwenye viashiria ambavyo tayari ni asilimia. Aprili ina usiku wa vyumba 420 (14 mara 30), hivyo 126 ni asilimia 30 ya kujaa, na 105 ya mwaka jana ni asilimia 25. Je, imepanda 5 au imepanda 20? Zote mbili ni kweli. Kutoka 25 hadi 30 ni pointi tano za asilimia, na hizo tano ni 20% ya ile 25. Mimi huandika “pointi 5” kwa maneno, kwa sababu ukiandika “▲ 20%” chini ya namba inayosomeka “30%”, kuna mtu atadhani mwaka jana ilikuwa 10.

Hatua ya nne: mshale

Usitumie mishale ya tayari ya Excel, ile inayopatikana kwenye Conditional Formatting > Icon Sets, mpaka ujue inavyofanya kazi. Watu wengi huamini mshale wa kijani pale una maana ya “namba hii ni chanya”. Sivyo. Ukiiacha kama ilivyo, Excel huchukua namba zako zote ulizozichagua, hupima umbali kutoka ndogo kabisa hadi kubwa kabisa, kisha hugawa kwa asilimia 33 na 67 za umbali huo. Niliwahi kuipa mabadiliko matatu, yote ya kushuka: −42, −10 na −5. Mawili ya mwisho yakapewa mshale wa kijani unaopanda juu, kwa kuwa yalikuwa na nafuu kuliko la kwanza. Unaweza kubadilisha mipaka hiyo kwa mkono, ila bado mshale na rangi yake ni kitu kimoja kisichotengana, na hatua inayofuata inataka tuvitenganishe.

Mshale tuuandike wenyewe:

```
B7: =IF(B5>0,"▲",IF(B5<0,"▼","–"))
```

Kazi ya mshale huu ni moja: kusema namba imekwenda juu au chini. Hausemi ni vizuri au vibaya. Uachie hapo.

Hatua ya tano: rangi

Rangi ni hukumu. Ukipaka kijani umeshamwambia msomaji afurahi, hata kama hukufungua mdomo. Ndiyo maana mimi huitoza rangi maswali mawili kabla haijaingia kwenye kadi.

Swali la kwanza: tunataka namba hii iende wapi? Usiku uliouzwa tunataka upande. Wageni waliofuta nafasi zao tunataka wapungue. Kwenye B8 andika `1` kama kupanda ni kuzuri, `-1` kama kushuka ndiko kuzuri, na `0` kama kiashiria hakina upande.

Hiyo sifuri usiidharau. Chukua gharama ya umeme na dizeli ya jenereta. Machi 2025 tulitumia shilingi 2,604,000. Aprili tulitumia 1,890,000. Imeshuka 27.4%, na kwa kuwa gharama kushuka ni jambo jema, kadi yangu ya zamani iliipaka kijani kibichi kabisa. Lakini gawanya kwa usiku uliouzwa. Machi ni shilingi 12,000 kwa kila usiku wa chumba, Aprili ni shilingi 15,000. Kila usiku wa chumba umetugharimu zaidi kwa 25%. Na wala hakuna aliyefuja: friji ya jikoni inakula umeme ileile wawepo wageni kumi au mmoja, taa za uzio vilevile, na umeme ukikatika jenereta linawashwa hata kwa chumba kimoja. Jumla ilishuka kwa sababu wageni walikuwa wachache, gharama kwa kila usiku ikapanda kwa sababu hiyohiyo. Ukipaka ya kwanza kijani na ya pili nyekundu umepaka tukio moja rangi mbili zinazopingana. Kiashiria cha namna hii mimi nakipa sifuri, naandika namba na mshale, nakiacha bila rangi, na maelezo ya mstari mmoja chini yake.

Swali la pili: mabadiliko haya ni makubwa kiasi gani cha kustahili rangi? Hapa watu huchukua 5% hewani, kisa ni namba nzuri. Kwenye nyumba ndogo haifai. Kundi moja la wapanda mlima likija hukaa kwetu vyumba sita kwa usiku miwili, mmoja kabla ya kupanda na mmoja baada ya kushuka. Huo ni usiku 12. Ukiuweka juu ya 105 za Aprili 2024 ni zaidi ya 11%. Maana yake kundi moja likiahirisha safari yake kutoka Aprili hadi Mei, kadi yenye kizingiti cha 5% inabadilika rangi, na hakuna chochote kilichotokea kwenye biashara. Kwa hiyo kizingiti chetu ni kundi moja: 12. Kiko B9, kwa idadi ya usiku na si kwa asilimia. Wewe tafuta kundi lako. Kwa duka la vipuri pale mjini inaweza kuwa oda moja ya fundi mkubwa.

Kwa viashiria vya namba ndogo asilimia uiondoe kabisa. Waliofuta nafasi Machi walikuwa wawili, Aprili watatu. Hiyo ni “▲ 50%” kama unapenda kutisha watu. Andika “3, walikuwa 2” ukaendelee na maisha.

Sasa hukumu yenyewe:

```
B10: =IF(ABS(B5)<=B9,0,SIGN(B5)*B8)
```

Ikitoka 1 ni habari njema, −1 ni habari mbaya, 0 ni hakuna la kuhukumu. Chagua seli ya kadi, ipe rangi ya kijivu kama rangi ya kawaida, kisha ingia Conditional Formatting (kwenye Google Sheets iko chini ya Format, unachagua “Custom formula is”) na uweke kanuni mbili:

```
=$B$10=1
=$B$10=-1
```

Ya kwanza naipa bluu, ya pili rangi ya chungwa. Najua kijani na nyekundu ndizo zilizozoeleka. Niliziacha baada ya mambo mawili. Mhasibu wa nje anayepitia vitabu vyetu aliniambia, bila aibu, kwamba kwake kijani changu na nyekundu yangu ni rangi moja ya udongo. Wapo wanaume wengi kiasi wa namna hiyo, wengine hawajui wenyewe. Bluu na chungwa hutofautishika kwa karibu wote. La pili ni printa. Ripoti tunachapisha kwenye steshenari karibu na mnara wa saa kwa wino mweusi, na kijani na nyekundu zikitoka pale ni kijivu na kijivu. Ndiyo sababu nyingine ya kuuacha mshale useme wenyewe bila kutegemea rangi.

Tena nyekundu haina maana moja duniani. Kwenye masoko ya hisa ya China na Japani, nyekundu ni bei iliyopanda. Ukipata mbia au wakala kutoka huko, kadi yako nyekundu anaweza kuipigia makofi.

Hatua ya sita: andika dhidi ya nini

Kadi isiyosema inalinganisha na kipindi gani ni nusu kadi. Mstari wa chini wa kadi yangu unajiandika wenyewe:

```
=B7&" "&ABS(B5)&" dhidi ya "&TEXT(EDATE(B1,-12),"mm/yyyy")
```

Kwa Aprili unatoka hivi: “▲ 21 dhidi ya 04/2024”. Nimetanguliza idadi kwa makusudi. Mama anajua usiku 21 ni hela ngapi, 20% lazima aikokotoe. Asilimia iko pembeni kwa maandishi madogo, kwa anayeitaka. Kwa kipindi cha miezi miwili mstari huu utataja Machi peke yake, kwa hiyo hapo andika kwa mkono: “Machi na Aprili, dhidi ya miezi hiyo 2024”.

Kabla ya kutuma, jaribu kadi kwa kuivuruga. Weka kwenye B1 mwezi ambao unakumbuka vizuri ulivyokuwa, mwezi mbaya na mwezi mzuri, uone kama rangi inakubaliana na kumbukumbu yako. Isipokubaliana, mmoja wenu amekosea, na mara nyingi ni B8 iliyosahaulika au sikukuu iliyohama.

Ripoti iliyosahihishwa nilimtumia Mama wiki hiyohiyo. Kadi ya kwanza: 343, kijivu, “▲ 2 dhidi ya Machi na Aprili 2024”. Safari hii hakupiga simu, alijibu kwa sauti ya Wasapu: “Sawa mwanangu. Kwa hiyo hatujasogea. Hao wageni wa Pasaka walilipa bei ya mlima au bei ya nyumbani?” Nikarudi kwenye daftari, maana safu ya bei sikuwa nayo.

Sasa ninayo, ni safu D. Na kwenye safu C nimeshaandika “Pasaka” mbele ya tarehe 28 Machi 2027, kwa kuwa mwaka 2026 ilikuwa tarehe 5 Aprili, na kadi ya Aprili 2027 itakuja na mshale wake wa kushuka.